Gredi A ya Kariakoo, "Excellent" ya Uingereza au duka la kiwanda: laptopu iliyokarabatiwa uinunue wapi?

Mwaka jana niliagiza Dell Latitude 7490 kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza mtandaoni. Tangazo lilisema "Ex-UK, Grade A, waranti miezi 6". Nililipa shilingi 720,000, nayo ikapanda basi la usiku hadi Dodoma. Asubuhi nilipoifungua sikuamini macho yangu: haina mkwaruzo, kioo safi, hata herufi za kibodi hazijafutika. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimeshaichomeka kwenye umeme mara mbili.

Nikampigia muuzaji. Hakuwa mkali wala hakunikwepa. "Kaka, hiyo ni Gredi A kweli, wewe mwenyewe umeona bodi ilivyo. Ila waranti yetu haihusu betri na chaja, geuza risiti utaona." Nikaigeuza. Ilikuwa imeandikwa hapo, kwa herufi ndogo za muhuri wa bluu.

Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyesoma "Gredi A" nikaelewa "mashine nzima iko sawa", na nikasoma "miezi 6" bila kuuliza ni miezi sita ya kitu gani. Tangu hapo ndugu na jamaa huniuliza kila wanapotaka kununua, na swali huwa lilelile: nichukue hapa nchini, niagize nje kupitia ndugu, au nitafute duka la kiwanda chenyewe? Njia zote tatu nimezipitia, kwa pesa yangu au ya watu wangu. Nitaziweka sambamba.

Vipimo vinne kabla ya kulinganisha

Cha kwanza ni gredi: nani ameiandika, na inapima nini. Hakuna sheria wala shirika moja duniani linaloamua Gredi A ni ipi. Kila muuzaji ana mizani yake, na karibu zote zinapima sura: mikwaruzo, madoa ya kioo, bodi iliyobonyea. Laptopu ya Gredi C yenye kona iliyovunjika inaweza kuwa na betri mpya na diski nzima kuliko jirani yake wa Gredi A.

Cha pili ni waranti, nayo ina maswali manne: inadumu muda gani, inaanza kuhesabiwa siku gani, inaacha vitu gani nje, na mashine ikiharibika utaipeleka wapi kwa miguu yako. Hili la mwisho watu hawaliulizi, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Cha tatu ni bei hadi mlangoni, yaani pamoja na usafiri, kodi, na chaja au betri utakayolazimika kuongeza. Cha nne ni aina ya mtu anayefaa kwa njia hiyo.

Muuzaji wa ndani anayetangaza mtandaoni

*Gredi.* Hapa utakutana na A, B na C, wakati mwingine "A+" ambayo ni ya muuzaji mwenyewe kabisa. Mzigo mwingi ni laptopu za maofisi ya Uingereza zilizotumika miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, zikaja kwa kontena: Latitude, ThinkPad, EliteBook. Ni mashine nzuri, zilizojengwa kuvumilia. Ila mara nyingi anayezipa gredi ni kijana wa dukani anayezifuta vumbi, na anaangalia kwa macho. Kwa hiyo usiulize "ni gredi gani". Omba picha ya mashine hiyohiyo, si ya mtandaoni, ikiwa imewashwa na ukurasa wa ripoti ya betri umefunguka. Muuzaji makini atakutumia ndani ya dakika kumi.

*Waranti.* Huanzia mwezi mmoja hadi miezi sita, mara chache mwaka. Kwa maandishi ni fupi, lakini duka liko mtaani. Unaweza kurudi na mashine mkononi, ukakaa kwenye stuli, ukasubiri fundi. Kilichonisaidia mimi si ile miezi sita. Nilipiga simu siku ya kwanza nikiwa na namba mkononi, na nilikuwa na shangazi yangu Ilala aliyeweza kupita dukani. Tukakubaliana wanipe betri nyingine ya 130,000, mimi nilipe nusu.

*Bei.* Unaiona yote mapema. Kinachojificha ni chaja. Dell wana tabia ya kukagua chaja: isipotambuliwa, mashine inatoa onyo inapowaka, inapunguza kasi, na betri haichajiwi. Watu wengi wamelaumu prosesa kumbe ni chaja ya kuokotezwa.

*Inamfaa* mtu aliye mjini au mwenye ndugu mjini, anayeihitaji wiki hii, na asiye na haya ya kurudi dukani kudai.

Soko la nje, kupitia ndugu au wakala wa mizigo

*Gredi.* Masoko makubwa ya Ulaya na Marekani yameandika maana ya maneno yao, na huo ni ustaarabu ambao huku bado. Back Market wanatumia Fair, Good, Excellent na Premium. Tatu za kwanza zinatofautiana kwa sura tu, kwa hiyo ukichukua Fair unalipia kidogo kwa mashine inayopaswa kufanya kazi sawa na Excellent. Amazon Renewed wanadai zaidi kidogo: betri iwe na zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Hiyo ni ahadi ya namba, na namba unaweza kuipima, kisha ukaidai.

Angalia pia mpangilio wa kibodi. Ukinunua kutoka Ufaransa utapata AZERTY, Ujerumani QWERTZ, na Uingereza alama za @ na nukuu zimebadilishana nafasi na zile za Marekani. Plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya miguu mitatu bapa, ya Marekani itataka adapta.

*Waranti.* Kwenye karatasi, hapa ndipo penye raha. Back Market wanatoa angalau mwaka mmoja na siku 30 za kurudisha ukighairi. Amazon Renewed ya kawaida ni siku 90 Marekani, na mwaka mmoja Uingereza na Ulaya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yenyewe haimruhusu muuzaji kushusha dhamana ya bidhaa iliyotumika chini ya mwaka mmoja.

Sasa tupige hesabu ya huku. Mzigo unafika kwa binamu yako Birmingham tarehe 4 Juni. Anaupeleka kwa wakala, unasubiri ndege, unapita forodha, unakufikia Dar tarehe 24 Juni. Zile siku 30 zilianza kuhesabiwa mlangoni kwa binamu, kwa hiyo umebaki na kumi. Na mashine haiwezi kurudishwa kutoka Dar, lazima irudi kutoka anwani ileile ya Uingereza. Nauli ya kuirudisha kwa binamu ni yako. Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa kwa wakala: betri ya lithiamu iliyovimba au mbovu hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Yaani ubovu ambao ungekupa haki ya kurudisha ndio unaokuzuia kurudisha.

Mpwa wangu alipatikana hivyo. Laptopu ilipendeza, akaitumia miezi miwili, kisha akaamua kuifuta aanze upya. Ilipowaka na kuunganishwa na intaneti ikamkaribisha kwa jina la kampuni asiyoijua na kumtaka barua pepe ya kazini. Waranti ilikuwa hai bado, muuzaji akakubali kuipokea bila ubishi. Ila ilisubiri hadi mtu wa kwetu aliyekuwa anasafiri aibebe kwenye begi la mkononi, na hadi nyingine ikaja, muhula wa chuo ulikuwa umekwisha.

*Bei.* Usilinganishe bei ya tovuti na bei ya Kariakoo. Jumlisha nauli ya wakala kwa kilo, kodi za kuingiza mzigo, na adapta. Mwambie wakala akupe bei kamili kwa maandishi kabla hujanunua. Tofauti iliyokuvutia mara nyingi hupungua sana, na wakati mwingine inaisha.

*Inamfaa* Mswahili anayeishi hukohuko, iwe Leeds au Minneapolis, maana waranti yote ni yake. Kwa aliye huku, inamfaa anayetafuta modeli ambayo haipatikani sokoni kwetu, mwenye ndugu mvumilivu. Mwambie huyo ndugu aifanyie majaribio nitakayoyaeleza chini kabla hajaifunga tena. Nusu saa yake inaokoa miezi.

Duka la mtengenezaji mwenyewe

*Gredi.* Mara nyingi hakuna, au hazina uzito. Apple wanauza Mac walizozikagua wenyewe bila kuzipanga madaraja ya mikwaruzo. Dell Outlet vilevile huuza mashine zilizorudishwa kiwandani. Lakini usichanganye na Dell Refurbished, ambalo ni duka jingine la kampuni hiyohiyo, linalouza mashine zilizomaliza mkataba wa kukodishwa maofisini. Huko utazikuta A na B.

*Waranti.* Apple wanatoa mwaka mmoja, sawa na mpya. Dell Outlet nao hutoa waranti kama ya mashine mpya, ilhali Dell Refurbished kwa kawaida ni siku 100. Uzuri ni kwamba waranti ya kiwanda inafuata namba ya mashine na si risiti, hivyo unaweza kuikagua mtandaoni kwa kuandika Service Tag au namba ya seriali. Kwa Dell, namba hiyo imesajiliwa nchi fulani na kuna fomu ya kuhamishia nchi nyingine. Ijaze mapema, si siku kioo kitakapozima.

*Bei.* Ni ya juu kuliko zote tatu. Apple hupunguza hadi kama asilimia 15 tu ya bei ya mpya. Tena maduka haya hayauzi Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa hiyo zile gharama za ndugu na wakala zinabaki palepale.

*Inamfaa* mtu ambaye kazi yake inasimama laptopu ikisimama: mhariri wa video, mhasibu wa msimu wa kodi, au anayetaka Mac na haogopi bei.

Ikifika: usiweke faili hata moja kwanza

Njia yoyote uliyochagua, siku ya kwanza ni ya ukaguzi. Washa kamera ya simu unapofungua boksi, na urekodi namba iliyo chini ya mashine. Kisha iweke juu ya meza ya kioo au vigae. Ikiyumba, au sehemu ya kuendeshea kipanya imeinuka au haibonyezeki vizuri, betri imevimba. Usiichaji. Simamisha kila kitu hapo na upige simu.

Ikitulia, izime, uiwashe ukigonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri la msimamizi, hiyo si yako bado. Kwa ThinkPad nyingi nenosiri hilo likisahaulika, jibu la Lenovo wenyewe ni kubadilisha bodi mama. Ukiwa humohumo soma jina la prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-10310U ni cha 10, i5-6300U ni cha 6. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 ikae kwenye kizazi cha 6. Itakaa, lakini Microsoft hawaitambui na haina uhakika wa masasisho.

Sasa betri. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport /output C:\Users\Public\betri.html
```

Fungua faili hilo kwa kivinjari, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Yangu ilisoma 60,000 mWh na 41,400 mWh. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata asilimia 69. ThinkPad kama T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, na ripoti inazionyesha kila moja kwa safu yake, kwa hiyo usisome moja ukaridhika. Mimi naridhika na 80 kwenda juu. Kati ya 65 na 80 naomba punguzo. Chini ya hapo nahesabu bei ya betri mpya kama sehemu ya bei ya laptopu.

Ripoti inaweza kudanganya. Betri isiyo ya kiwanda wakati mwingine inajitangaza kuwa kamili huku seli zake ni dhaifu. Ndiyo maana baada ya ripoti nachomoa umeme, naweka mwanga wa kioo nusu, nacheza video nusu saa. Laptopu ya ofisi inayokula kama wati 8 itatumia wati-saa 4, ambayo kwenye betri yangu ya 41.4 ni karibu asilimia 10. Ikishuka 10 au 12, ripoti inasema kweli. Ikiruka kutoka 40 hadi 7 kwa pigo moja, kuna seli iliyokufa.

Jaribio la tatu ndilo lingemwokoa mpwa wangu. Makampuni husajili laptopu zao kwenye mfumo wa Microsoft uitwao Autopilot, na usajili unashika utambulisho wa mashine, si diski. Kufuta diski hakuuondoi, ni kampuni iliyoisajili ndiyo inayopaswa kuutoa. Muuzaji akiiandaa mashine bila intaneti, mtego hauonekani. Kwa hiyo ifute wewe mwenyewe: Settings, System, Recovery, Reset PC, chagua kufuta kila kitu na kusakinisha kutoka ndani ya mashine ili usimalize bando. Ikiwaka upya, iunganishe na Wi-Fi kwenye hatua za mwanzo. Ukiona jina au nembo ya kampuni, piga picha, irudishe. Kwa Mac, jambo lilelile hujitokeza kama ukurasa wa Remote Management, au Activation Lock inayodai akaunti ya mwenye zamani.

Ukipita salama, hakikisha Windows ni halali:

```
slmgr /xpr
```

Jibu unalotaka ni "The machine is permanently activated". Likitaja tarehe ya mwisho, uliza kwa nini.

Yaliyobaki ni mepesi. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute madoa na pikseli zilizokufa. Andika kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, jaribu kamera na maikrofoni, fungua na kufunga mfuniko ukisikiliza bawaba. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Mwisho gonga F12 wakati Dell inawaka uchague Diagnostics, au F2 kwa HP, uache mashine ijikague. Ikitoa namba ya kosa, piga picha, maana muuzaji hawezi kubishana na namba iliyotolewa na mashine aliyoiuza.

Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi Dar, Nairobi au Kampala na bajeti ni finyu, chukua Gredi B ya muuzaji wa ndani, kizazi cha 8 au zaidi, na tofauti ya bei na Gredi A iweke akiba ya betri. Mikwaruzo haipunguzi kasi. Ukiwa mkoani, usilipe kabla ya picha ya ripoti ya betri, na kubaliana kwa ujumbe wa maandishi siku ngapi za kubadilishiwa, zikihesabiwa tangu basi linapofika.

Ukiwa Ulaya au Marekani, soko kubwa lenye waranti ya mwaka linakufaa wewe zaidi ya yeyote, na Fair inatosha isipokuwa utakuwa unaiweka mbele ya wateja. Ukimnunulia mdogo wako aliye nyumbani, ifute na uitumie wewe wiki nzima kabla ya kuituma, kwa sababu ikishapanda ndege waranti inabaki huko na wewe.

Ukitaka Mac, uzito wa kwanza uwe Activation Lock na uhakika wa asili yake. Duka la Apple ni ghali lakini hilo limeshakuondolea. Kwa muuzaji wa ndani, lipa baada ya kuifuta na kuiwasha mbele yake.

Na ukiwa tayari una laptopu ambayo imebaki betri tu, soma namba ya betri kabla hujafikiria kununua nyingine. Ya 7490 yangu ni F3YGT. Fundi alifungua skrubu za mfuniko wa chini, akachomoa ya zamani, akapachika mpya, na hadi leo ndiyo ninayoandikia.